SOMO: RIBA YA KODI ILIYOCHELEWA KURUDISHWA



Katika somo la toleo hili tumekusudia kueleza jambo moja tu la kodi, nalo ni hili: mtu amelipa kodi iliyozidi, akadai irudishwe, na idara ya kodi ikakaa na fedha zake muda mrefu kisha ikamrudishia zilezile bila kuongeza kitu. Je, anayo haki ya kudai riba ya muda ule uliopita? Na kama anayo, aihesabu tangu siku gani?

Wengi wetu tukiona hundi imefika hushukuru tukanyamaza. Ama hundi yenyewe huenda ikawa sawa hata senti, na huku haki ikawa haijatimia. Fedha iliyokaa mikononi mwa mwengine miezi tisa haikukaa bure. Chama kilichonyimwa fedha zake wakati wa mavuno hulazimika kukopa ili kulipa wachumaji, nao mkopo una gharama yake. Sisi tukichelewa kulipa kodi hutozwa riba, nasi twailipa. Basi yafaa tujue mambo yalivyo pale anayechelewa akiwa ni idara.

Twapenda kusema mapema kwamba neno "riba" hapa twalitumia kama linavyotumika katika sheria za kodi. Twajua kuwa wako wanachama watakaouliza hukumu ya dini katika kupokea fedha za namna hii, au katika kuzipokea kisha kuzitoa kwa maslaha ya watu. Jambo hilo si letu kulikata. Aulizwe shehe anayeaminika. Kazi ya somo hili ni kueleza sheria ya dunia inavyosema na hisabu inavyofanywa, ili mwenye kuacha aache kwa kujua anachokiacha.

KESI YA CHAMA CHA WOOLWICH

Hapana njia nzuri ya kulifahamu jambo hili kuliko kuitazama kesi moja maarufu iliyokatwa Uingereza mwaka 1992, kesi ya chama cha akiba na ujenzi cha Woolwich. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, Woolwich kilikuwa chama cha wanachama kama chetu, ijapokuwa kikubwa mno: watu waliweka akiba zao, na kwa akiba hizo wengine wakakopeshwa kununua nyumba. Pili, mwisho wa kesi ile haukuhusu kodi yenyewe, bali riba peke yake. Tatu, hukumu za mahkama kuu za Uingereza, ijapokuwa haziwafungi majaji wetu, husomwa na kutajwa katika mahkama za Afrika ya Mashariki pale sheria zetu wenyewe zinapokuwa kimya.

Khabari yenyewe ni hii. Mwaka 1986 serikali ya Uingereza ilibadili namna vyama vya akiba vinavyolipa kodi kwa ajili ya riba wanayopewa wenye akiba. Zikatolewa kanuni mpya, na ndani yake mlikuwamo vifungu vya kuvukia kutoka utaratibu wa zamani kwenda mpya. Vifungu hivyo vilirudi nyuma, vikazitia katika hisabu fedha ambazo vyama vilikwisha kuwalipa wenye akiba kabla ya tarehe 6 Aprili 1986. Woolwich ikaona kuwa kanuni zimepita mpaka: Bunge halikumpa mtunga kanuni uwezo wa kufanya hivyo.

Sasa viongozi wa Woolwich walikuwa katika njia panda. Wakikataa kulipa, na baadaye ikaonekana kanuni ni sahihi, watatozwa adhabu na riba. Tena jina la chama litatajwa vibaya, maana watu wataona vyama vyote vimelipa ila hiki kimoja, na mwenye akiba akisikia hivyo huingiwa na wasiwasi. Wakilipa na kunyamaza, itasemwa kuwa wameridhika. Basi wakafanya la tatu: wakalipa, lakini wakaandika kwamba wanalipa bila ya kuacha haki yao ya kudai fedha zirudishwe.

Walilipa mara tatu. Tarehe 16 Juni 1986 walilipa pauni 42,426,421. Tarehe 16 Septemba mwaka huohuo wakalipa pauni 2,856,821. Tarehe 16 Machi 1987 wakalipa pauni 11,714,969. Jumla yake ni karibu pauni milioni 57.

Wakati huohuo walikwenda mahkamani, na hapa twaomba msomaji atazame vizuri, kwa kuwa walifungua mashauri mawili mbalimbali. Shauri la kwanza, lililoanzishwa mwaka 1986, liliomba mahkama itamke kuwa kanuni ni batili. Shauri la pili, lililofunguliwa mwezi wa Julai 1987, lilidai fedha zirudishwe pamoja na riba tangu siku kila malipo yalipotolewa. Shauri la pili lilifunguliwa kabla ya hukumu ya lile la kwanza kutoka, na kabla idara haijarudisha hata pauni moja. Tutaona hivi punde kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa.

Tarehe 31 Julai 1987 Jaji Nolan alitamka kuwa kanuni zile ni batili. Idara ya Kodi ilikata rufaa, na shauri hilo likapanda hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahkama ya mwisho ya Uingereza. Mwaka 1990 baraza likaipa Woolwich ushindi. Lakini baada ya hukumu ya Jaji Nolan idara ilikuwa imekwisha kurudisha milioni 57, pamoja na riba tangu tarehe 31 Julai 1987. Riba ya kabla ya tarehe hiyo ilikataa kuitoa.

MZOZO ULIKUWA JUU YA SIKU YA KUANZA

Mtu aweza kuuliza: ikiwa fedha zote zimerudi, na riba kidogo imetolewa, wagombane nini tena? Jawabu ni kuwa muda ulioachwa haukuwa mdogo. Malipo ya kwanza yalikaa kwa idara siku 410 kabla ya hukumu ya Jaji Nolan, ya pili siku 318, ya tatu siku 137. Riba ya siku hizo ilifika zaidi ya pauni milioni 6.7. Ukichukua hisabu ukagawanya mwenyewe, utaona kuwa ni karibu pauni 12 kwa kila mia kwa mwaka.

Hoja ya idara tuieleze kwa uadilifu, maana majaji wengine waliikubali. Idara ilisema: riba hufuata deni, na pasipo deni hapana riba. Kabla ya tarehe 31 Julai 1987 sisi hatukuwa na deni la Woolwich. Walitulipa wenyewe, hatukuwashika kwa nguvu, wala hawakukosea katika khabari yoyote, ila wao na sisi tulikhitilafiana tu katika maana ya sheria. Tulifahamiana kwamba wakishinda tutawarudishia. Wameshinda, tumewarudishia. Basi deni limezaliwa siku ya hukumu, na riba tumeitoa tangu siku hiyo.

Hoja ya Woolwich ilikuwa kinyume chake. Walisema: ulitudai kodi ambayo sheria haikukupa haki ya kuidai. Tangu dakika ulipoipokea, fedha ile ilikuwa yetu mikononi mwako. Hukumu ya jaji haikuzaa deni jipya, ilionyesha tu deni lililokuwapo tangu mwanzo. Basi riba na ihesabiwe tangu siku ulipopokea.

Mwaka 1988 Woolwich ikashindwa mbele ya Jaji Nolan yuleyule aliyeipa ushindi wa kwanza. Mwaka 1991 ikashinda katika Mahkama ya Rufaa, majaji wawili kwa mmoja. Tarehe 20 Julai 1992 Baraza la Malodi likatoa hukumu ya mwisho, majaji watatu kwa wawili: Woolwich imeshinda. Lodi Goff, ambaye hukumu yake ndiyo inayosomwa zaidi, alirejea asili ya katiba ya Uingereza tangu Sheria ya Haki ya mwaka 1689, kwamba serikali haina ruhusa ya kutoza kodi bila ya idhini ya Bunge. Ikiwa kodi imedaiwa bila ya idhini hiyo, aliyelipa ana haki ya kurudishiwa, si kwa hisani ya idara bali kwa sheria, na haki hiyo inaanza pale pale alipolipa.

Hili ndilo jambo la kwanza twalotaka mwanachama alishike. Katika madai ya riba, asilimia ya riba si jambo linalopiganiwa sana. Linalopiganiwa khasa ni siku ya kuanza kuhesabu, nayo hutegemea swali moja: idara ilianza lini kuwa mdeni?

KWA NINI WENGINE WALIKOSA

Sasa turudi kwenye yale mashauri mawili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inayohusu Mahkama Kuu yampa jaji uwezo wa kuamuru riba juu ya deni, hata kama mdeni amelipa deni lenyewe kabla ya hukumu. Lakini sharti shauri liwe limekwisha kufunguliwa pale deni lilipolipwa. Mdeni akichelewa mwaka mzima, kisha akalipa asubuhi na wewe ukaenda kufungua shauri jioni, sheria hiyo haikusaidii, maana hapana tena deni la kudaiwa. Woolwich walilijua hilo. Ndiyo maana walifungua shauri la kudai fedha mapema, wala hawakungoja kuona kama lile shauri la kanuni litafaulu. Malipo yalipokuja, shauri lilikuwa tayari mahkamani.

Vyama vingine vya akiba vilikuwa vimelipa chini ya kanuni zilezile batili. Vitatu katika hivyo, Leeds, National & Provincial na Yorkshire, vilikwenda mahkamani baada ya kuona Woolwich imefanikiwa. Mwaka 1991 Bunge la Uingereza likatunga sheria iliyozipa kanuni zile nguvu tangu mwanzo wake, kama kwamba hazikupata kuwa batili. Sheria hiyo ilimwacha nje yule tu aliyeanza kuzipinga mahkamani kabla ya tarehe 18 Julai 1986, naye hakuwa ila Woolwich. Mwaka 1992 Bunge likaziba na mwanya mwengine uliokuwa umebaki. Vyama vile vitatu vikapeleka malalamiko yao mpaka Mahkama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasburg, na mwaka 1997 ikaamua kuwa Uingereza haikuvunja haki zao. Hawakupata kitu.

Haki ilikuwa moja na fedha zilitozwa kwa kanuni moja. Aliyeandika na kudai mapema alipata mali yake na riba yake. Waliongoja waone mwenzao atafikia wapi walirudi mikono mitupu.

HISABU YA MFANO

Tutoke sasa Uingereza tufanye hisabu ya kwetu. Mfano huu ni wa kubuni, na kiwango cha riba tumekiweka sisi ili hisabu iwe nyepesi. Tuseme chama kimelipa kodi iliyozidi kwa shilingi 8,000,000. Kililipa tarehe 10 Januari. Tarehe 10 Machi kikapeleka dai la kurudishiwa, pamoja na vielelezo vyote. Tuseme sheria ya kodi hiyo inaipa idara siku 90 za kulichungua dai. Hundi ya shilingi 8,000,000 ikatoka tarehe 10 Disemba, bila ya riba. Kiwango tuseme ni 12 kwa mia kwa mwaka.

Kwanza tupate riba ya siku moja. Asilimia 12 ya 8,000,000 ni shilingi 960,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa siku 365 wapata shilingi 2,630 na senti 14 hivi kwa siku. Kilichobaki ni kuhesabu siku, na hapa ndipo panapo khitilafu.

Ikiwa sheria yasema riba yaanza siku kodi iliyozidi ilipolipwa, basi toka 10 Januari mpaka 10 Disemba ni siku 334, na riba ni shilingi 878,466.

Ikiwa sheria yasema riba yaanza siku dai lilipopokelewa, basi toka 10 Machi ni siku 275, na riba ni shilingi 723,288.

Ikiwa sheria yasema idara haihesabiwi kuchelewa mpaka zile siku 90 zimalizike, basi hesabu yaanza tarehe 8 Juni. Zimebaki siku 185, na riba ni shilingi 486,575.

Tazama basi. Fedha ni ileile, kiwango ni kilekile, siku ya hundi ni ileile, na tofauti kati ya hesabu ya kwanza na ya tatu yakaribia shilingi 400,000. Kwa hivyo usiandike barua ya kudai riba kabla hujakisoma kifungu cha sheria kinachotaja siku ya kuanza. Ukidai kwa hesabu ya kwanza na sheria ni ya tatu, dai lako litarudishwa kuwa si sahihi, na muda utazidi kukupita. Ukidai kwa hesabu ya tatu na sheria ni ya kwanza, umejipunja mwenyewe.

Jambo jengine la kutazama katika kifungu hicho ni kama riba ni ya kawaida au ni ya kulimbikizwa. Riba ya kawaida huhesabiwa juu ya fedha ya asili tu. Riba ya kulimbikizwa kila mwezi huongezwa juu ya asili, na mwezi wa pili huhesabiwa juu ya jumla hiyo. Katika mfano wetu, kwa miezi tisa tangu 10 Machi, riba ya kawaida kwa shilingi moja katika mia kila mwezi ni 720,000, na ya kulimbikizwa ni 749,482. Tofauti si kubwa kwa miezi tisa, lakini kwa miaka mingi huwa mlima. Uingereza jambo hili lilizozaniwa kwa muda mrefu: mwaka 2007 Baraza la Malodi liliruhusu riba ya kulimbikizwa katika kesi ya kampuni ya Sempra, na mwaka 2018 Mahkama ya Juu, ambayo ndiyo iliyochukua nafasi ya baraza hilo, ikaugeuza msimamo huo katika kesi ya kampuni ya Prudential. Usidhani basi kuwa ulimbikizaji ni haki ya kila mdai. Utafute umeandikwa.

Tena usidhani kuwa kiwango cha riba anachotozwa mlipa kodi ndicho atakacholipwa. Huko huko Uingereza, idara ya kodi humlipa mtu riba ya kiwango cha Benki Kuu yao kasoro moja katika mia, wala hakishuki chini ya nusu kwa mia. Ama mtu akichelewa yeye, tangu tarehe 6 Aprili 2025 hutozwa kiwango hicho cha benki na kuongezwa nne. Kila sheria ina mizani yake ya kupokea na mizani yake ya kutoa.

MAMBO YA KUFANYA

La kwanza ni kujua dai lako liko kwa nani. Hapa Zanzibar kodi ya mapato ni ya Muungano, na inayoikusanya ni TRA. Kodi nyengine zisizo za Muungano ziko chini ya ZRA, ambayo kabla ya mwaka 2022 ilikuwa ikiitwa ZRB. Kila moja ina sheria yake, na kifungu cha riba cha sheria moja hakitumiki kwa kodi ya sheria nyengine. Katika stakabadhi yako ya malipo mna jina la kodi na jina la idara. Anza hapo, kisha uiombe sheria ya kodi ile kama ilivyo mwaka huu, si nakala ya zamani, kwa sababu sheria za kodi hubadilishwa karibu kila mwaka katika bajeti.

La pili ni kuzihifadhi tarehe. Dai lote la riba limesimama juu ya tarehe tatu: siku uliyolipa, siku dai lako lilipopokelewa, na siku fedha ziliporudi. Ya kwanza huonyeshwa na stakabadhi, ya tatu na karatasi ya benki. Inayopotea ni ya pili. Mtu hupeleka barua akamwachia mtu mlangoni, kisha akarudi mikono mitupu. Peleka nakala mbili, moja uiache, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uirudishe nyumbani. Ikiwa umepeleka kwa kompyuta, piga chapa ile karatasi ya kuthibitisha siku ileile. Tena hakikisha dai lilikuwa kamili, maana idara ikiandika kutaka karatasi iliyokosekana, yaweza kusema kuwa siku hazikuanza kuhesabiwa mpaka karatasi hiyo ilipofika.

La tatu ni kutaja riba tangu barua ya kwanza. Usingoje mpaka hundi itoke. Katika dai lenyewe la kurudishiwa kodi andika sentensi moja ya kudai na riba. Na muda wa idara ukipita bila ya jawabu, andika tena. Barua yaweza kuwa fupi kama hii:

"Twarejea dai letu lililopokelewa kwenu tarehe 10 Machi, la kurudishiwa shilingi 8,000,000. Muda uliowekwa na sheria umemalizika tarehe 8 Juni na hatujarudishiwa. Twadai fedha hizo pamoja na riba iliyowekwa na sheria, kuanzia siku inayotajwa na sheria mpaka siku ya malipo. Tukipokea fedha ya asili peke yake, tutakuwa tumeipokea kwa hesabu ya deni, bila ya kuacha haki yetu ya riba."

Sentensi ya mwisho ndiyo ile hekima ya Woolwich iliyogeuzwa upande wa pili. Wao waliandika wakati wa kulipa, sisi twaandika kabla ya kupokea.

La nne ni kusoma kabla ya kutia sahihi. Wakati mwengine hundi hufuatana na karatasi inayosema kuwa mpokeaji amepokea malipo kamili na ya mwisho, na hana dai jengine. Aliyetia sahihi maneno hayo amejifungia mlango mwenyewe. Omba maneno hayo yakatwe, au andika kwa mkono juu ya sahihi yako kuwa riba bado inadaiwa, na ubaki na nakala.

La tano ni kutengeneza hisabu yako kwa ukurasa mmoja: fedha ya asili, kifungu cha sheria, kiwango, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, idadi ya siku, na jumla. Karani wa idara akipata karatasi ya namna hii, hana haja ya kukisia unachotaka, na akiikataa itambidi aonyeshe ni mstari gani asioukubali. Hapo mzozo unakuwa mdogo. Wala usiihesabu riba zaidi ya siku malipo yalipotoka.

Idara ikikataa, au ikikaa kimya, sheria ya kodi huweka njia ya kupinga na kukata rufaa, pamoja na siku zake. Siku hizo huwa chache, na zikipita, haki yaweza kufa ijapokuwa hisabu ni sahihi. Hapo ndipo pa kumtafuta mwanasheria, na ni vyema aende akiwa ameshika faili yenye tarehe zote tatu. Mwanachama asiyekuwa na uhakika wa kifungu na alete stakabadhi zake ofisini kwetu, tutazitazama pamoja naye kabla hajaandika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Woolwich ilifungua shauri la kudai fedha kabla fedha hazijarudishwa?

2. Idara ilisema deni lilizaliwa siku gani, na Woolwich ikasema siku gani? Baraza la Malodi lilikubali neno la nani?

3. Chama kimedai kurudishiwa shilingi 3,650,000. Kiwango cha riba ni 10 kwa mia kwa mwaka, riba ya kawaida. Dai lilipokelewa tarehe 1 Aprili, idara ina siku 90 za kuchungua, na hundi imetoka tarehe 28 Septemba. Hesabu riba kwa njia mbili: tangu siku ya kupokelewa dai, na tangu kumalizika siku 90.

Jawabu la swali la tatu: riba ya siku moja ni shilingi 1,000. Toka 1 Aprili mpaka 28 Septemba ni siku 180, basi kwa njia ya kwanza ni shilingi 180,000. Siku 90 zamalizika tarehe 30 Juni, basi kwa njia ya pili ni shilingi 90,000. Aliyepata vinginevyo na ahesabu tena siku zake moja moja, maana kosa huwa katika miezi yenye siku 31.

Katibu